Musamaha wa Kodi na Muko Wangu wa Uongo

Gari la spika lilipita kwenye avenue yetu asubuhi, na mimi nilikuwa na mikono ndani ya povu mpaka kwenye kiwiko. Spika ilisema Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha mutu anayesoma kwenye karatasi huku akiogopa kukosea. Jimbo linatoa musamaha wa kodi. Kila mwenye nyumba ya kupangisha ambaye hajatangaza mapato yake, aje mwenyewe, kwa mapenzi yake, kabla dirisha halijafungwa. Atalipa kodi yenyewe, lakini faini na nyongeza za kuchelewa zitafutwa. Dirisha likisha kufungwa, wakaguzi watapita mulango kwa mulango.

Jirani yangu, bibi mwenye kelele, aliacha kufagia akapiga kofi.

“Wasikie! Wenye mavila ya Golf hawapigiwi spika. Siye wa Kenya njo bezi!”

Kenya ni mutaa wetu, si nchi, na bezi ni wezi; nilicheka naye. Nilicheka zaidi kuliko ilivyotakiwa. Kisha nikakausha mikono kwenye kitenge, nikalitazama lupangu langu kama mutu anayetazama mutoto wake aliyeitwa na polisi.

Lupangu, kwetu Lubumbashi, ni kiwanja pamoja na kila kilichosimama juu yake. Juu ya langu kuna nyumba ambayo marehemu mume wangu aliijenga kwa matofali ya kuchoma alipokuwa anafanya kazi ya mugodi, kuna duka linalotazama barabara, na nyuma kuna mustari wa vyumba. Duka na vyumba ndivyo vilivyonilisha tangu mume wangu alipokufa. Ndivyo vilivyomufikisha mujukuu wangu wa kike université. Mimi niliacha masomo kule Mitwaba kabla mukono wangu haujajua kuunganisha herufi, lakini mujukuu wangu anasoma sheria, na kama katika avenue yetu kuna mutu asiyelijua hilo, basi amehamia leo.

Kodi ya mapato ya nyumba sikuwa nimelipa hata mara moja.

Sikuwa peke yangu. Hapa kwetu, watu wa komini, ile serikali ya mutaa, au wa ofisi ya mapato wanapokuja kuhesabu wapangaji, mwenye lupangu anasimama mulangoni na kusema: hapa hakuna mupangaji, hawa ni batoto ya ndugu yangu. Ndugu halipi lwaye, pesa ya pango. Na pasipo lwaye, hakuna mapato. Pasipo mapato, kodi gani? Ungehesabu wapwa wote wa avenue yetu ungesema dada zetu walikuwa wanazaa kila musimu wa mvua. Watu wa ofisi walijua. Walikunywa maji yetu, wakaandika “familia”, wakaenda.

Kwa vyumba vya nyuma nilisema hivyo hivyo, wapwa. Shida ilikuwa duka. Mwenye kulipanga ni mufanyabiashara wa vitenge, mutu wa Maniema, Muislamu, mwembamba, na kofia yake nyeupe haimutoki kichwani. Mimi ni Muluba wa Mitwaba na rozari shingoni. Kijana wa ofisi alitazama kofia, akatazama rozari, akauliza:

“Na huyu naye ni mupwa, mama?”

Nikaona uongo wangu umefika kwenye ukuta. Nikauruka ukuta.

“Huyu? Huyu ni muko wangu. Ameoa binti yangu.”

Muko ni mukwe, na kwetu buko, yaani ukwe, ni jambo zito. Mwanaume hali chakula mbele ya mama mukwe wake. Hakai naye kwenye benchi moja. Akikutana naye njiani anatoka pembeni, anainamisha macho. Ndiyo heshima yenyewe. Huwezi kumuita mutu muko kama vile unavyomuita mutu rafiki.

Yule mutu wa Maniema alikuwa amesimama kwenye mulango wa duka, alisikia. Mimi nilidhani atacheka na kuniharibia. Hakucheka. Aliinamisha macho, akarudi nyuma hatua chache, akanipa ubavu, sawasawa kama muko wa kweli anavyofanya. Sijui nani alimufundisha. Huenda alikuwa ameona kwa majirani. Kijana wa ofisi akaandika. Alipoondoka, muke wa mufanyabiashara alitoka nyuma ya vitenge akishika mbavu.

“Kwa hiyo mama umenizaa leo! Basi nipe sahani, binti yako iko na njaa.”

Tulicheka wote watatu, na mimi nilimupa muke wake sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki, na mume wake hakukaribia. Alikula kwake, ndani ya duka. Nikadhani ni muchezo, kesho utaisha.

Haukuisha. Toka siku ile akiniona natoka, alihama njia. Akawa ananiita mama buko, yaani mama mukwe, kwa sauti ya chini, bila kunitazama usoni. Mwezi wa Ramadani chakula chake kilikuja kwangu kimefunikwa, kupitia kwa muke wake. Mimi nilipokea. Nani anakataa chakula? Na wanawake wa avenue walipouliza ni muko kutoka wapi, nilijibu kwa kidevu juu, kwamba muko mwema hachaguliwi kwa dini.

Halafu mume wangu akafa. Kwetu, bako, yaani wakwe, ndio wanaobeba kazi za matanga: kuni, maji, mbao, viti vya kukodi, kaburi. Na wanataniwa, wanatukanwa kwa muchezo, wanafanya huku wakinyamaza. Bako wangu wa kweli wako mbali; mumoja alituma salamu. Yule wa duka alifunga duka. Alibeba viti kichwani, alichimba pamoja na vijana, shangazi zangu walimurushia majivu wakisema muko huyu mwembamba ataingia kaburini pamoja na marehemu. Alifuta majivu akaendelea.

Mwezi uliofuata nilipandisha lwaye ya duka.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bei zilikuwa zimepanda kote, mujukuu alihitaji vitabu, ninazo sababu nyingi kama nikitaka kujitetea. Muke wake alileta ile nyongeza bila neno.

Basi, spika imepita, mujukuu wangu amerudi kutoka masomoni, nikamuambia asome lile tangazo kwenye simu yake. Alisoma akiwa amekunja uso.

“Kambo,” alisema, kwani kambo kwetu ni bibi, “hii ni ya kufikiria. Musamaha huu una meno.”

“Meno gani? Si wamesema wanasamehe?”

“Wanasamehe faini. Kodi yenyewe hawasamehe. Na kuna masharti. Mimi ndiyo kwanza naanza masomo ya kodi, nisikudanganye. Twende kwa ule papa wa parokia.”

Papa, yaani muzee, wa parokia ni mustaafu wa ofisi ya mapato, mutu wa kikohozi na miwani miwili, mumoja wa kusoma na mumoja wa kutembea. Anawasaidia watu kujaza karatasi. Tulimukuta barazani anakaanga karanga. Nilimueleza vyote, isipokuwa ya muko. Duka niliita tu duka.

“Mama,” alisema, “kodi peke yake utaiweza, kwa kuumia. Faini njo zinakulaka nyumba. Zinaongezeka kila mwezi unapochelewa, na wasipolipwa wana haki ya kukamata mali. Kwa hiyo kuingia ni vizuri. Lakini sikia namna ya kuingia, juu mulango huu una mitego.”

Alimumenyea mujukuu wangu karanga, akaanza.

Mutego wa kwanza: uje mwenyewe. Wakaguzi wakikuletea karatasi ya ukaguzi asubuhi, wewe ukienda saa sita kuomba musamaha, umechelewa. Huyo si mutu aliyekuja kwa mapenzi yake. “Na wameshaanza kutembea upande wa Katuba,” alisema.

Tena, ukisaini umekubali deni. Hutarudi kesho kusema nilihesabiwa vibaya. Haki ya kulalamika umeiacha mezani. “Kwa hiyo usiandike kwa majivuno. Kuna miaka ya zamani ambayo sheria haiwaruhusu tena kukudai. Wengi wanaandika tangu siku walipojenga, wanataka kuonekana wasafi. Ukiiandika miaka ile na kusaini, umeifufua wewe mwenyewe.”

Wanakubali ulipe kwa awamu, lakini awamu ya kwanza unalipa banki siku ile ya kusaini, na ukikosa awamu moja tu, musamaha unakufa. Faini zote zinarudi kama vile haukwenda.

“Na ile mubaya kupita yote,” alisema, akaweka karanga chini. “Wapangaji wote. Jengo lote. Ukificha hata mulango mumoja, tangazo lako ni la uongo, musamaha umefutwa, na ile mingine umeshawapa kwa mukono wako. Afazali ungekaa kwako.”

Mujukuu akaniangalia. Mimi niliangalia karanga.

“Na kama mumoja wa wapangaji ni mufanyabiashara?” aliuliza mujukuu. “Si anapaswa kukata kodi kwenye lwaye?”

“Ndiyo. Mwenye biashara yenye karatasi, yeye njo anapaswa kukata sehemu ya kodi juu ya lwaye kabla ya kumulipa mwenye nyumba, na kuipeleka mwenyewe ofisini. Kama hakukata, ofisi inamudai yeye. Na musamaha wa mama hautamufunika. Kila mutu anaombea kichwa yake.”

Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyevaa viatu vya mutu mwingine. Sasa nilikuwa nimeiona hesabu yote. Nisipokwenda, wakaguzi watafika, na nyumba ya mume wangu itawekwa kwenye orodha ya kukamatwa. Nikienda na kuandika duka, mutu aliyebeba viti vya matanga yangu kichwani ataulizwa kodi ambayo hakukata kwa miaka yote, na faini juu yake, kwa sababu mimi nimeokoa kichwa changu. Nikienda bila kuandika duka, naingia kwenye mutego ule mubaya kupita yote.

Na mnajua nilichagua nini? Nilichagua kuficha duka. Nilimuambia mujukuu wangu:

“Andika vyumba vya nyuma. Duka acha. Muko si mupangaji.”

“Kambo!”

“Iko namna gani? Wao wenyewe waliandika muko. Iko kwenye karatasi yao.”

“Kambo, weye mwenyewe uliwadanganya, sasa unataka uongo wako ukutetee?”

“Nafanya juu yake yeye! Nataka nimuingize kwenye shida?”

Mujukuu wangu aliweka kalamu juu ya meza taratibu, kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko matusi. Mimi ndiye niliyemufundisha kushika kalamu. Nilinunua ile kalamu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mutoto yule ananionea haya.

Kweli ni kwamba sikutaka kwenda dukani na kusema kwa kinywa changu: wewe si muko wangu, wewe ni mupangaji, njoo usaini. Kwa wale wa nyuma ilikuwa rahisi. Nilipita chumba kwa chumba, nikasema tunaandika mikataba, wakasaini. Fundi mumoja wa redio aliniuliza kama sasa amekatwa kwenye urithi. Nilimuambia urithi wake ni choo, akakiosha siku ile ile. Lakini dukani miguu ilikataa.

Muke wa dukani ndiye aliyekuja kwangu. Aliingia na hodi kali, akabaki amesimama.

“Mama, nasikia unazunguka na karatasi. Umepita kwa kila mutu. Kwetu haukupita.”

“Nyinyi ni familia.”

“Kwa nani?”

“Kwa… unajua. Kwa ofisi.”

Alikaa bila kuambiwa. Yeye ni mwanamuke mwenye maneno matamu, anauza kitenge kwa mutu aliyekuja kuuliza njia. Siku ile utamu ulikuwa umebaki dukani.

“Mama, mi nakuheshimu. Lakini leo nitasema, juu mume wangu hatasema hata akifa. Unajua kila mara nakuletea lwaye, iko nzima? Haipungui hata kidogo?”

“Ndiyo. Ndivyo tulivyopatana.”

“Sivyo sheria inavyosema. Mume wangu iko na karatasi za biashara, bantu ya kodi wanapitaka kwake, wanaangalia hesabu yake. Alipaswa kukata kodi kwenye lwaye yako na kuipeleka. Anaipelekaka. Toka mwanzo anaipelekaka, kwa jina yako, na namba ya lupangu yako. Lakini kwako hajakata. Anatoa mu mufuko yetu, juu yake yote. Nilimuambia: kata, iko haki yako! Alinijibu, mama buko anakatiwa namna gani? Nikamuambia, huyu mama alitunga buko mbele ya mutu wa ofisi, weye unaamini? Akasema, aliisema mbele ya bantu, na mi nilikubali mbele ya bantu.”

Nilishika rozari yangu.

“Na weye,” aliendelea, “buko unaikula kwa mukono huu, lwaye unaikula kwa mukono ule. Matanga alibeba. Ramadani ulikula. Halafu ukapandisha. Mi nilileta ile nyongeza, mama, na nilikuwa nasema ndani ya roho: leo atasema hapana, chukueni. Haukusema.”

Mujukuu wangu alikuwa mulangoni na ndoo ya maji, alisikia yote. Sikumuambia aende.

Katika aibu ile kichwa changu kilifanya pia hesabu nyingine, na hiyo ndiyo inayonichoma zaidi. Nilielewa kwamba jina langu lilikuwa tayari ndani ya ofisi ya mapato, limelala miaka yote kwenye malipo ya mutu mwingine, na hakuna aliyelinganisha. Kama ningepeleka tangazo bila duka, wangelinganisha. Ningenaswa siku ile ile. Na kwa sekunde moja, mbele ya mwanamuke yule, nilifurahi. Nilifurahi kwamba nimepona mutego. Halafu nilipojiona ninafurahi, nilitamani sakafu ya saruji ifunguke.

“Mwite,” nilisema.

“Hatakaa mbele yako, unajua.”

“Basi asimame.”

Alikuja, akasimama nje ya mulango, ubavu kwangu, kofia mukononi kwa mara ya kwanza. Kichwa chake kilikuwa na mvi nyingi ambazo sikuwahi kuzijua.

“Nimesikia ulichofanya,” nilisema. “Kwa nini haukuniambia?”

“Mama buko, ningesema namna gani? Nikwambie nimekulipia? Ingekuwa kukuhesabia.”

“Nitakurudishia.”

“Hapana. Muko harudishiwi.”

“Nataka kuandika duka. Ofisini. Ukiwa mupangaji.”

Nje watoto walikuwa wanagombana juu ya tairi. Kisha akasema, bado anatazama ukuta:

“Andika ile ya kweli. Ile yangu nimeshalipa, hawatanifanya kitu. Risiti ziko. Ukiniacha nje watakufutia musamaha. Nilijua spika ilipopita. Nilikuwa nangoja tu mama aniite.”

Alikuwa anangoja. Mimi nilipita mbele ya duka lile na karatasi zangu zimekunjwa chini ya kitenge.

Ofisini tulikwenda wawili, mimi na yeye, kwa sababu malipo yake yalipaswa kuhesabiwa ndani ya tangazo langu, na mukataba wa duka ulitaka saini zote mbili. Mujukuu alikuwa na mutihani. Tulipanda teksi, yeye alikaa mbele na dereva, mimi nyuma. Ukumbi ulijaa watu wenye nyumba, wote wamevaa nguo za kanisani kama vile kodi ni mazishi. Hakuna aliyemutazama mwenzake. Nilimuona mama mumoja wa chama chetu cha parokia, yule anayekusanya michango. Alijifunika na mwavuli ndani ya nyumba.

Mama wa dirisha alikuwa kijana, na kucha nyekundu, na alisema na mimi kwa upole. Alichukua tangazo, akaangalia mashine, akaangalia karatasi ya zamani.

“Mama, miaka yote hii unaiweka?”

“Ile ambayo sheria inaruhusu kuulizwa. Si zaidi.”

“Sawa. Vyumba nimeviona. Duka… hapa tunaona malipo ya mupangaji kwa jina lako, kila mwaka. Hayo yatatolewa kwenye unachodaiwa. Lakini kuna kitu.” Alizungusha karatasi ya zamani. “Kwenye sensa ulisema mwenye duka ni muko wako. Na hapa kuna mukataba wa lwaye. Niandike nini? Ni muko ao ni mupangaji?”

Hakusema kwa kelele, lakini ukumbi ule ulikuwa kimya, na watu wenye haya wana masikio makubwa. Mwanaume mumoja nyuma yetu alisema:

“Mama, na mi uniandike muko, lwaye iko kali!”

Watu wakacheka. Kicheko cha watu ambao wao pia wana wapwa wa uongo nyumbani. Hata mama wa mwavuli nilimusikia.

Nilimutazama mutu wa Maniema. Hakuwa amecheka. Alikuwa ameinamisha macho vilevile, ubavu kwangu, katikati ya ukumbi wa serikali, kama muko. Nilijua kwamba nikisema muko, atasema muko. Angesimama na uongo wangu mpaka mwisho, na ungetuvunja wote wawili.

“Mupangaji,” nilisema.

“Alikuwa mupangaji tangu mwanzo?”

“Tangu mwanzo. Nilidanganya.”

Mama wa kucha nyekundu akafuta, akaandika. Hakunikemea. Alinipa karatasi ya kupeleka banki kwa awamu ya kwanza, akanionyesha kwa kucha yake tarehe za awamu nyingine, akasema nisikose hata moja. Nilisaini. Mukono wangu hauunganishi herufi; kila herufi ilisimama peke yake. Mutu wa Maniema naye alisaini kwenye mukataba, jina lake chini ya neno mupangaji.

Feza ya awamu ya kwanza nilikuwa nayo. Ya pili nitaipata kwa kuhamia chumba cha nyuma na kupangisha chumba changu cha kulala. Nimeshamuambia mujukuu, na alikubali kwa haraka mno, kama mutu anayelipa deni la vile vitabu vyake. Duka limeanza kunilipa lwaye iliyokatwa kodi, kama sheria inavyotaka. Ile nyongeza ya baada ya matanga niliiondoa. Muke wake alisema asante mama, akaweka feza juu ya meza, akaenda, hakuomba sahani.

Lakini siku ile, tulipotoka banki, jua lilikuwa kali, na hatukupata teksi mara moja. Tulisimama pembeni ya barabara. Alikuwa amesimama mbali kidogo, hajui aende wapi na macho yake.

“Sasa nikuite nani?” aliuliza.

Nilitaka kusema: mama buko, kama siku zote. Neno lilikuwa tayari kinywani. Lakini nilikuwa nimelikana mbele ya watu, na yeye alikuwa amenisikia, na halikuwa langu tena kulitoa.

“Unavyotaka,” nilisema.

Alifikiri. Teksi ilisimama, mbele palikuwa na mutu, ikabidi akae nyuma, karibu na mimi, goti kwa goti, na hakusogea. Dereva aliuliza tunashuka wapi. Yeye ndiye aliyejibu:

“Mi nashuka Kenya. Huyu mama pia.”

Huyu mama. Kama vile anavyosema juu ya mama yeyote anayekuja kununua kitenge. Nilitazama nje kwenye kioo mpaka tukafika.